Jinsi ya kuhakiki hesabu za wati, saa na uniti kabla ya kuziamini

Katika hesabu za umeme, kuzidisha hakumsumbui mtu. Kikokotoo cha simu kitazidisha wati kwa saa bila kukosea. Makosa huingia kabla ya hapo, dakika zinapogeuzwa kuwa saa, au baada ya hapo, bei ya uniti inapochaguliwa. Na jibu likishaandikwa, uniti 68 na uniti 680 zinafanana tu kwenye karatasi. Mwanafunzi anaweka mstari chini ya jibu, mwenye nyumba anapanga bajeti, na hakuna aliyeliuliza jibu lenyewe kama linawezekana.

Mwongozo huu unaanzia pale jibu linapopatikana. Unafaa kwa mwanafunzi mwenye swali la fizikia, na unafaa vilevile kwa mtu anayetaka kujua kwa nini umeme wake unaisha tarehe 20. Tutatumia swali moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyumba moja Dar es Salaam ina taa 5 za wati 10 kila moja, zinazowashwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Ina runinga ya wati 80 inayotazamwa saa 4 kwa siku, jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 linalotumika dakika 12 kwa siku, pasi ya wati 1,000 inayotumika dakika 20 kwa siku, na friji ya wati 120 isiyochomolewa ukutani. Nyumba itatumia uniti ngapi kwa siku 30, na kwa shilingi ngapi?

Kanuni ni moja tu:

```
uniti (kWh) = wati × saa ÷ 1000
```

Wati inaonyesha kifaa kinakula umeme kwa kasi gani. Uniti inaonyesha kimekula kiasi gani mpaka sasa. Ukimsikia mtu anasema jagi lake linatumia "uniti 2", muulize kwa muda gani, kwa sababu bila muda sentensi hiyo haijakamilika.

Hatua ya 1: Rudisha kila jibu kwenye saa

Anza na vifaa vinne vya kwanza, friji iache kwanza.

```
taa      5 × 10 × 5        = 250
runinga  80 × 4            = 320
jagi     2000 × 12 ÷ 60    = 400
pasi     1000 × 20 ÷ 60    = 333
```

Namba za kulia ni wati-saa kwa siku. Sasa zihakiki kwa kurudi nyuma: chukua wati-saa, gawanya kwa wati, upate saa. Kisha jiulize kama kweli kifaa kile kinawaka muda huo.

Tuseme mwanafunzi amesahau kugawanya kwa 60 na ameandika kwamba jagi linatumia 2,000 × 12, yaani wati-saa 24,000. Hiyo ni uniti 24 kwa siku. Akirudi nyuma, 24,000 ÷ 2,000 ni saa 12. Jagi la chai haliwezi kuwaka saa 12 kwa siku, basi jibu limekwisha kukataliwa bila hata kutazama kitabu cha majibu.

Kosa la pili ni la hila zaidi, kwa sababu jibu lake linakaribia ukweli. Dakika 20 zinaandikwa saa 0.20. Pasi inapata wati-saa 200 badala ya 333, na hakuna anayeshtuka. Ukirudi nyuma unapata 200 ÷ 1,000, yaani saa 0.2. Usiishie hapo. Zidisha 0.2 kwa 60 upate dakika, na utaona dakika 12 mahali palipotakiwa dakika 20. Kwa hiyo kila unapohakiki kifaa kinachotumika kwa muda mfupi, maliza kwenye dakika, kwa kuwa dakika ndizo unazozijua kwa macho.

Kosa la tatu ni letu sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Taa zinawashwa saa 12 jioni na kuzimwa saa 5 usiku. Wapo wanaotoa 5 katika 12 na kupata saa 7. Lakini saa 12 jioni ndiyo mwanzo wa hesabu ya usiku, kwa hiyo inahesabiwa kama sifuri: kutoka hapo hadi saa 5 usiku ni saa 5. Hali kadhalika, kutoka saa 10 jioni hadi saa 3 usiku ni saa 2 za kufikia saa 12, kisha saa 3 nyingine, jumla 5. Ukiwa na shaka, hesabu kwa vidole, saa moja moja. Inachukua sekunde chache.

Kwa wanaofanya mitihani, ipo njia nyingine ya kuhakiki, nayo ni kupitia juli. Wati 1 ni juli 1 kwa sekunde, na uniti 1 ni juli 3,600,000. Jagi la wati 2,000 kwa dakika 12, yaani sekunde 720, linatumia juli 1,440,000. Gawanya kwa 3,600,000 upate uniti 0.4, ambayo ni wati-saa 400 zilezile. Uzuri wa njia hii ni kwamba haigusi saa kabisa. Kama ulikosea kugeuza dakika kuwa saa, kosa hilo haliwezi kujirudia huku, na majibu mawili yatagongana.

Jagi linaweza kuhakikiwa hata kwa maji yenyewe. Kupasha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji takriban juli 4,200. Lita 1.5 kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni 1.5 × 4,200 × 75, yaani juli 472,500, sawa na uniti 0.13. Jagi la wati 2,000 litatoa joto hilo kwa sekunde 236, karibu dakika 4, na kidogo zaidi kwa sababu jagi lenyewe na hewa vinachukua sehemu ya joto. Dakika 12 kwa siku ni kuchemsha mara tatu: chai ya asubuhi, chai ya jioni, na chupa moja ya kuweka. Swali letu lina akili.

Hatua ya 2: Friji, mahali ambapo majibu mengi huharibika

Friji ya wati 120 isiyochomolewa. Anayefuata kanuni bila kufikiri anaandika 120 × 24, yaani wati-saa 2,880 kwa siku. Kuzidisha ni sahihi lakini jibu si la friji.

Friji haivuti wati 120 muda wote. Kompresa inawaka, inapoza mpaka kipimajoto kiridhike, kisha inazima. Ukikaa karibu nayo usiku wakati nyumba imetulia, utasikia mngurumo ukianza, ukikatika, na baada ya muda ukianza tena. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko nyuma ya friji ni za wakati wa mngurumo. Kwa hiyo "saa" za kuingiza kwenye kanuni ni saa ambazo kompresa imefanya kazi. Hizo zinategemea joto la chumba, mpira wa mlango, na mlango unafunguliwa mara ngapi.

Namna ya kuzipata ni kupima. Usiku, zima kila kitu, hata chaja na runinga iliyoachwa kwenye taa nyekundu, uache friji peke yake. Soma mita saa 4 usiku, soma tena saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 8. Tuseme mita ya LUKU ilionyesha zimebaki uniti 31.62, na asubuhi 31.30. Zimetumika uniti 0.32, yaani wati-saa 320 kwa saa 8, ambazo ni wastani wa wati 40. Wati 40 katika wati 120 ni theluthi moja: kompresa ilikuwa ikifanya kazi theluthi ya muda. Kwa siku nzima, 40 × 24 inatupa wati-saa 960.

Kipimo hiki kina mipaka miwili. Usiku hakuna anayefungua mlango na hewa ni ya baridi kidogo, kwa hiyo mchana friji itakula zaidi ya hapo. Na kama mita yako inaonyesha desimali moja tu, 31.6 kuja 31.3 inaweza kuwa kitu chochote kati ya uniti 0.2 na 0.4, jambo ambalo ni pana mno kwa friji. Ukiwa na mita ya namna hiyo, pima kwa muda mrefu zaidi, kwa mfano siku ambayo nyumba nzima imesafiri. Baadhi ya friji zina kibandiko kinachotaja kWh kwa saa 24 au kwa mwaka. Hiyo ni namba bora kuliko wati kwa kazi hii, maana muda wa kuzima umekwisha hesabiwa ndani yake.

Kwa mwanafunzi: swali likisema friji "inafanya kazi saa 24", mtungaji anataka 2,880, na hiyo ndiyo uandike. Likisema kompresa inafanya kazi saa 8 kwa siku, unaandika 120 × 8, ambayo ni 960. Soma sentensi, usikisie.

Pasi nayo ina kipimajoto. Ndiyo maana taa yake ndogo huzima na kuwaka. Kwa hiyo wati-saa 333 tulizoandika ni dari, na matumizi halisi yatakuwa chini ya hapo. Nitaiacha hivyohivyo, kwa sababu tofauti yake kwa mwezi ni ndogo ukilinganisha na friji.

Hatua ya 3: Geuza jumla kuwa wati za wastani

Jumla kwa siku ni 250 + 320 + 400 + 333 + 960, yaani wati-saa 2,263, au uniti 2.263. Kwa siku 30 ni uniti 67.9.

Hapa ndipo ninapopenda kutumia kipimo kimoja ambacho kinakamata makosa makubwa kwa sekunde tano. Siku 30 zina saa 720. Basi kitu cha wati 1 kikiwaka mwezi mzima bila kuzimwa kinatumia uniti 0.72, na kitu cha wati 100 kinatumia uniti 72. Kariri hiyo namba moja: wati 100 mfululizo, uniti 72 kwa mwezi.

Sasa litazame jibu letu. Uniti 67.9 ni chini kidogo ya 72, kwa hiyo nyumba yetu inavuta wastani wa chini kidogo ya wati 100, usiku na mchana. Ukitaka kwa usahihi, 67.9 ÷ 0.72 ni wati 94. Je, inaingia akilini? Friji peke yake inachukua wastani wa wati 40. Zinabaki wati 54 za kugawana jagi, pasi, runinga na taa, ambavyo vinawaka saa chache tu. Inaingia.

Kama ungepata uniti 679, wastani ungekuwa wati 943. Maana yake ni nyumba ambayo pasi inakaribia kuwaka mwezi mzima bila kuzimwa, hata watu wakiwa wamelala. Na kama ungepata uniti 6.8, wastani ungekuwa wati 9, ambazo hazitoshi hata friji. Nukta ya desimali iliyohama haiwezi kupita hapa.

Kuna dari nyingine ya kukumbuka. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi isiyozidi ampia 13. Kwa volti 230, ampia 13 ni wati 2,990, tuseme 3,000. Kifaa chochote kinachochomekwa kwenye soketi ya kawaida hakiwezi kuzidi uniti 3 kwa saa, wala uniti 72 kwa siku. Kwa njia hiyohiyo unahakiki mkondo: jagi la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta ampia 8.7. Ukipata ampia 87 au 0.87, rudi ukaangalie sifuri zako.

Hatua ya 4: Shilingi, na swali la "bei ipi?"

Uniti zikishakuwa sahihi, pesa zinaweza kukosewa kwa karibu mara tatu kwa kuchagua bei isiyo yako. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016 chini ya EWURA, mteja wa kundi D1, yaani wa matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa kundi T1, ambako nyumba nyingi za mjini zimo, analipa shilingi 292 kwa uniti.

Hizo ni bei kabla ya makato. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Kwa hiyo bei inayotoka mfukoni ni:

```
D1   100 × 1.22 = 122
T1   292 × 1.22 = 356.24
```

Uniti zetu 67.9 kwa mteja wa D1 ni shilingi 8,284. Kwa mteja wa T1 ni shilingi 24,189. Nyumba ni ileile na vifaa ni vilevile. Na usidhani kwamba kwa kuwa umetumia chini ya 75 mwezi huu basi wewe ni D1. Kundi limeandikwa kwenye akaunti ya mita yako, na risiti ndiyo inayokuambia ukweli.

Risiti inahakikiwa hivi. Umenunua umeme wa shilingi 10,000 na mita yako ni T1. Gawanya 10,000 kwa 1.22 upate thamani ya umeme wenyewe, 8,196.72. Gawanya kwa 292 upate uniti 28.07. Kisha jumlisha kurudi: VAT ni 1,475.41, REA ni 245.90, EWURA ni 81.97. Ukiziongeza kwenye 8,196.72 lazima zirudi 10,000 kamili. Zinarudi.

Wengi hukosea hapa kwa kutoa asilimia 22 katika 10,000, kubakiwa na 7,800, na kupata uniti 26.7. Halafu wanashangaa risiti imewapa zaidi. Makato yanahesabiwa juu ya thamani ya umeme, hayahesabiwi juu ya pesa uliyotoa, kwa hiyo unagawanya kwa 1.22. Kuzidisha kwa 0.78 ni jambo jingine kabisa.

Na kama risiti imekupa uniti kama 23.9 badala ya 28.07, usiikatae kabla ya kuisoma yote. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Toa 1,500 katika 10,000, inabaki 8,500. Gawanya kwa 356.24, unapata 23.86. Ndiyo hiyo. Ukitaka kulinganisha miezi, linganisha uniti, usilinganishe pesa, kwa sababu pesa zimebeba vitu visivyo umeme.

Tahadhari moja kwa D1. Tuseme mtu aliichukua friji kuwa inawaka saa 24 na kupata uniti 125.5 kwa mwezi. Akizidisha zote kwa 122 anapata shilingi 15,311, na amekosea tena juu ya kosa la kwanza. Uniti 75 za mwanzo ni shilingi 9,150. Zinazobaki 50.5 zinalipiwa 350 × 1.22, yaani 427 kila moja, ambazo ni shilingi 21,564. Jumla ni 30,714. Kipimo cha kuhakiki: gawanya jumla ya pesa kwa uniti zote. Unapata karibu shilingi 245 kwa uniti, na namba hiyo lazima ikae kati ya 122 na 427. Ikiwa nje ya hapo, ngazi zimechanganywa.

Wasomaji wa Kenya mna tozo za mafuta na za kubadilisha fedha ambazo hupanda na kushuka kila mwezi, kwa hiyo hakuna namba moja ya kukariri. Gawanyeni pesa mliyolipa kwa uniti mlizopewa kwenye tokeni ya mwezi huo, na bei hiyo ndiyo muitumie kwa hesabu za mwezi huohuo.

Hatua ya 5: Iulize mita yenyewe

Hadi hapa tumekuwa tukihakiki karatasi kwa karatasi. Wati zilizoandikwa kwenye kifaa nazo zinaweza kuhakikiwa, na chombo cha kazi hiyo kiko ukutani tayari. Tazama uso wa mita. Kuna taa ndogo inayopepesa, na karibu yake pameandikwa kitu kama `1000 imp/kWh`. Maana yake taa itapepesa mara 1,000 kwa kila uniti 1. Kwa hiyo kila pepeso ni wati-saa 1. Mita nyingine zina namba tofauti, kwa hiyo soma ya kwako.

Zima kila kitu, pamoja na friji. Taa ya mita iache kupepesa. Kisha washa jagi lenye maji ya kutosha. Pepeso moja likitokea, anzisha saa ya simu na useme "sifuri". Hesabu hadi 20, simamisha. Halafu:

```
wati = pepeso × 3600 × 1000 ÷ (imp × sekunde)
```

Kwa mita ya 1,000 na jagi la wati 2,000, pepeso 20 zitachukua sekunde 36. Kosa linalofanywa na karibu kila anayejaribu mara ya kwanza ni kusema "moja" kwenye pepeso la kuanzia. Hapo unakuwa umepima nafasi 19 ukidhani ni 20, na jagi lako linaongezewa zaidi ya wati 100 za bure.

Sasa tuseme umepata sekunde 41. Hiyo ni wati 1,756. Je, kiwanda kimedanganya? Geuza jagi ukiwa umelichomoa, usome chini yake. Mara nyingi utakuta `220–240 V 1850–2200 W`. Hizo wati mbili hazikuandikwa kwa kubahatisha. Waya wa kupashia moto una ukinzani uleule, na wati zake zinafuata mraba wa volti. 220 × 220 ÷ 1,850 inatoa omu 26.2, 240 × 240 ÷ 2,200 inatoa omu 26.2 vilevile. Kwa volti 230 jagi hilo litatoa wati 2,021, ambazo kwenye mazungumzo tunaziita 2,000. Kwa wati 1,756, volti zilizofika jikoni kwako ni kipeuo cha pili cha 1,756 × 26.2, yaani karibu 214. Saa za jioni, wakati mtaa mzima umewasha, volti kushuka hivyo ni jambo la kawaida. Rudia kipimo saa 5 asubuhi uone kama sekunde zinapungua kuelekea 36.

Umeme mdogo namna hiyo hauongezi gharama ya chai kwa maana ya kutisha. Jagi linavuta wati chache kwa muda mrefu zaidi, na maji yanahitaji juli zilezile. Kinachozidi ni joto kidogo linalopotea kwa sababu ya kuchelewa. Ila hesabu ya "wati 2,000 kwa dakika 12" itakuwa imekuzidishia, kwa kuwa dakika ulizipima nyumbani na wati umezichukua kwenye kibandiko. Vipime vyote viwili mahali pamoja na wakati mmoja.

Ikiwa umezima kila kitu na taa ya mita bado inapepesa, kuna kitu kinachovuta. Zima swichi kuu ya nyumba. Kupepesa kukikoma, kitu hicho kiko upande wa nyumba yako: chaja iliyosahaulika, taa ya nje, au waya unaovuja, na kwa waya mwite fundi mwenye leseni. Kupepesa kusipokoma, toa taarifa TANESCO. Usifungue mita wala kugusa lakiri yake. Na kama mita yako iko juu ya nguzo huku ndani kuna kibao cha namba tu, achana na pepeso. Tumia njia ya kusoma uniti kabla na baada, kama tulivyofanya kwa friji.

Hatua ya 6: Linganisha na mwezi mzima, kisha ifuate tofauti

Mwisho wa mwezi utakuwa na namba mbili: uniti 67.9 za karatasi, na uniti ulizotumia kweli, yaani zilizokuwemo mwanzoni, kuongeza ulizonunua, kutoa zilizobaki. Zikitofautiana kwa uniti 5 au 7 usijisumbue; hakuna anayepiga pasi dakika 20 kamili kila siku.

Zikitofautiana kwa 22, kwa mfano mita inasema 90, usirudi kupekua hesabu nzima. Chukua tofauti yenyewe uigeuze kwa njia mbili. Ya kwanza, 22 ÷ 0.72 ni wati 31: je, kuna kitu cha wati kama 30 kinachokaa kimewaka usiku na mchana? Taa ya uzio, king'amuzi pamoja na ruta, au friji ambayo kompresa yake imeanza kufanya kazi zaidi ya nusu ya muda kwa sababu mpira wa mlango umechoka. Ya pili, uniti 22 ni wati-saa 22,000, na ukigawanya kwa 2,000 unapata saa 11 za jagi kwa mwezi, kama dakika 22 kwa siku. Je, kuna mtu anayechemsha maji ya kuoga kwa jagi asubuhi bila kuhesabiwa?

Majibu hayo mawili yanaelekeza kwenye vitu tofauti kabisa, na mita itakuambia ni lipi. Soma uniti saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, kabla mtu yeyote hajaingia jikoni. Tatizo likiwa la wati 31 za mfululizo, usiku huo utakuwa na uniti 0.25 za ziada juu ya 0.32 za friji uliyoipima. Ukikuta 0.32 ileile, mwizi wa uniti anaamka pamoja na watu.